Mizani Alivyopunguza Matumizi

Kiwanda cha unga kilipofungwa, mdogo wangu alirudi nyumbani na kiinua mgongo chake na koti la kazi lililokunjwa vizuri. Kazini walimwita Mizani, maana miaka yote alisimama kwenye mzani akirekebisha magunia. Unga ukizidi, anachota konzi moja, anatazama mshale, anachota nyingine. Jina lilimganda mpaka mkewe akawa analitumia.

Mimi ni dada yake mkubwa, na mdomo wangu hauna breki. Mimi pia niliwahi kuachishwa kazi, najua pesa inavyoyeyuka, kwa hiyo sikungoja kuitwa. Nilimkuta sebuleni na mkewe, fundi cherehani, wakipiga hesabu.

"Akiba na kiinua mgongo vinatufikisha mwezi wa tano," akaniambia.

"Kwa matumizi gani?"

"Haya haya ya kila mwezi."

"Haya ni ya mtu mwenye mshahara, mdogo wangu. Wewe huna."

Nikamwambia aanze na mzigo mkubwa. Kodi ya nyumba ile ilimeza karibu nusu ya matumizi yao. Nyuma ya karakana ya jirani yangu kulikuwa na vyumba viwili kwa nusu ya bei. Wahamie sasa, akiba ikiwa bado nene, na mwenye nyumba awarudishie amana. Baada ya hapo wakate king'amuzi na michango ya sherehe. Shuleni aende mapema akaombe kulipa ada ya binti yao kwa awamu. Chakula na dawa zake za presha visiguswe. Hivyo pesa zile zile zingefika mwezi wa tisa, labda na kazi ingekuwa imepatikana.

"Dada, tukihama leo, watu watatuonaje?"

"Watawaona mnahama."

Wifi yangu alicheka. Mdogo wangu hakucheka.

"Niachie mimi," akasema. "Kupunguza ndiyo kazi yangu."

Akapunguza kweli. Maziwa yaliondoka kwenye chai, kisha sukari. Kipande cha sabuni alikikata vipande vinne kwa uzi. Taa ya ukumbini aliitoa, tukawa tunapapasa ukuta kwenda chooni. Kila mwisho wa mwezi aliniletea habari kwamba wameshuka tena kidogo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepandishwa cheo. Nami nilimuuliza kuhusu nyumba, na kila mara alisema mwezi ujao. Konzi, konzi, na gunia lenyewe limekaa palepale juu ya mzani.

Vyumba vya karakana vikachukuliwa na watu wengine. Kazi haikupatikana, alizunguka maghala yote mjini akaambiwa mizani siku hizi inajiendesha yenyewe. Akaacha kuniletea habari. Wifi akawa anashona mpaka macho yanamwuma, na bado mwenye nyumba akaanza kudai.

"Angalau dawa hatujagusa," wifi aliniambia siku moja. "Pakiti ile bado ina vidonge."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Alianguka asubuhi, ukumbini, akielekea kuosha uso. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umepinda. Hospitalini, muuguzi alituuliza kama anakunywa dawa kila siku. Wifi akatoa pakiti kwenye mkoba kwa haraka, kama mtu mwenye ushahidi. Muuguzi akaimimina kiganjani. Vidonge vilikuwa nusu nusu, vimekatwa kwa wembe, sawasawa kabisa.

Nilimkasirikia mdogo wangu hata nikatoka nje nisimtukane akiwa kitandani. Huko nje nikalia.

Kilichobaki cha akiba kiliishia hospitali. Amana, mwenye nyumba aliizuia kufidia kodi iliyolala, na wakahama, mchana, watu wote wakitazama. Walipata chumba kimoja. Cherehani ipo mlangoni kwa ajili ya mwanga, kitanda cha mgonjwa kipo nyuma yake, na binti analala kwangu. Siwezi kusema mambo yatakuwa mazuri. Siyaoni.

Juzi nilikuwepo wifi alipompa dawa. Alimwekea kidonge kizima katika mkono wa kushoto, akageuka kuchukua maji. Mdogo wangu akakitazama muda mrefu. Halafu akakipeleka kwenye meno na kuanza kukikata katikati.

"Mizani," wifi akasema, akamshika kiganja. "Meza chote."

Akatikisa kichwa, akanitazama mimi. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini niliyaelewa.

"Dada. Tutafika mwezi gani?"