Akiba Imejaa

Kazini dada huyu walimwita Hadubini, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa maabara ileile, hakuna aliyewahi kumkamata na jibu la kubahatisha. Watu baki aliwapima kwa mashine. Ndugu zake, ah, hao aliwapima kwa macho.

Kaka yake, fundi cherehani, yalimkuta hayo. Miezi minne nyuma alikuja akilalamika kuchoka. Hadubini akapima wingi wa damu, ukawa pungufu. Akachungulia seli, zikawa ndogo kidogo. "Upungufu wa chuma tu huo, Kaka," akasema, akampa vidonge. Vipimo vya chuma hakuvifanya, na mashine yake ilikuwa hatua tatu kutoka alipoketi.

Kaka alimeza vidonge bila kuruka hata siku. Damu haikupanda. Akawa anapunguza viuno vya suruali zake mwenyewe, na kwa utani wake akasema huyu mteja asiyelipa atamfilisi. Hadubini alicheka naye. Wiki hii kicheko kikamkauka. Akamsimamishia vidonge siku mbili, kisha akamtoa damu asubuhi kabla hajala.

Sasa majibu yalikuwa mbele yake. Chuma kwenye damu kilisoma thelathini, chini sana, na hilo alilitarajia. Mstari wa pili ukamtia wasiwasi. Mtu aliyeishiwa chuma, mwili wake huongeza transferini, protini inayokibeba, na uwezo wa damu kubeba chuma hupanda. Wa kaka ulikuwa umeshuka, mia mbili tu, na ni asilimia kumi na tano tu ya nafasi za kubebea chuma iliyokuwa na mzigo.

Akaogopa kushuka mstari wa mwisho, akashuka. Feritini huonyesha akiba, na chuma kikiisha nayo huporomoka. Hii ilisoma mia tisa, juu mno kuliko kawaida. Akapitisha sampuli ya kuhakiki mashine, ikawa sawa. Akarudia damu ya kaka, jibu likawa lilelile.

Chuma kilikuwepo tele, ila mwili ulikuwa umekifungia. Hufanya hivyo unapopigana na ugonjwa wa muda mrefu, na ni ugonjwa gani, karatasi haikusema. Hadubini aliona aibu kabla hata ya hofu.

Kaka alikuwa kwenye benchi la nje, shati likimpwaya.

"Vipi, mdogo wangu? Unaniongezea vidonge?"

"Hapana, Kaka. Acha kabisa. Sio chuma. Kuna kitu kingine mwilini, na daktari anakusubiri sasa hivi. Nilipaswa kupima hivi tangu siku ile. Sikupima."

Fundi akafungua vifungo viwili vya shati, akauchukua mkono wa dada yake na kuuweka chini ya kwapa. Vidole vya Hadubini vikagusa uvimbe mgumu, mkubwa kama yai.

"Hili nilitaka kukuonyesha tangu mwezi ule wa kwanza wa vidonge," akasema. "Lakini ulishasema ni chuma tu."