Keki ya Jibini Isiyohitaji Jemu

Keki yangu ya kwanza ya jibini ilipasuka kama jaruba la mpunga mwezi wa kumi, kisha ikazama katikati. Mama mpishi, mkuu wa jiko la masista pale Ifakara, aliizunguka mezani akiwa ameshika kiuno.

"Binti, hii si keki," akasema. "Hili ni bonde la Kilombero lenyewe. Tungoje mvua, tupande mpunga."

Jiko zima lilicheka. Mimi nilinuna hadi jioni, maana sijawahi kuwa mtu wa kutaniwa akacheka.

Nilikuwa nimejitakia. Sista mzee, Mzungu aliyezeekea kwetu, alikuwa anakaribia jubilei ya nadhiri zake, na mara kwa mara alikuwa akiisimulia keki ambayo mama yake alimwokea utotoni. Nikamwambia mbele ya watu, "Sista, siku hiyo utaila." Mama mpishi akaniwekea sharti: nikiiharibu ya sherehe, nitatoka kwenye oveni na kurudi kupeta mchele. Mimi nilikuwa naipenda ile oveni kuliko nilivyowapenda watu wengi.

Jibini tulitengeneza wenyewe. Maziwa tulinunua kwa Wasukuma waliokuwa wakiingia bondeni na ng'ombe wao. Tuliyagandisha, tukayafunga kwenye kitambaa na kuyaning'iniza mpaka maji yakaisha. Hapo palikuwa sawa. Kosa lilikuwa mikononi mwangu. Niliyapiga mayai mpaka yakafura povu, kama tulivyozoea kwa keki za harusi. Nikachochea kuni. Nikachomeka kijiti katikati, na kilipotoka kikavu nikafurahi, nikaitoa keki palepale kwenye upepo wa dirishani. Ya pili nikaifanya hivyohivyo, ila kwa bidii zaidi. Ikaumuka kama andazi, ikapasuka zaidi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Mama mpishi akasema, akaenda kuchemsha jemu ya embe. "Hii tutaimwagia juu siku ya sherehe. Nani ataona?"

Jemu ile iliniuma kuliko matusi. Ilikuwa imekwisha kuamua kwamba nitashindwa.

Jibu nililipata Jumapili, nikikoroga kastadi, ule uji mtamu wa maziwa na mayai. Kastadi nilipika kwenye bakuli juu ya maji ya moto, na moto ukizidi tu, yai huganda na kukatika mabongemabonge. Nikasimama na mwiko mkononi. Jibini, sukari, mayai: kumbe nilichokuwa nikioka ni kastadi iliyopewa jina la keki! Nani hupiga kastadi povu? Nani huichoma kijiti mpaka ikauke?

Kwa hiyo Jumamosi, mkesha wa jubilei, mayai niliyatoa kwenye friji asubuhi na mapema, yapoteze baridi, maana yai la baridi huifanya jibini iwe na madonge, nawe utalazimika kupigapiga. Jibini niliilainisha kwanza. Kisha yai moja, nikakoroga taratibu kwa mwiko mpaka likapotea. Ndipo likafuata lingine. Hewa niliinyima mlango. Nikamimina juu ya biskuti zilizosagwa na kuchanganywa na siagi.

Mikate ilikwisha kutoka. Nilifagia makaa nje, nikaacha oveni ipoe, nikatupa unga kidogo ndani kupima joto. Ulichelewa sana kubadilika rangi. Huo ndio moto nilioutaka. Sufuria ya maji ikaingia ili mvuke utulize joto, keki ikafuata.

"Choma kijiti," Mama mpishi akaamuru baadaye.

"Hapana, Mama."

Nilitikisa chombo kidogo tu. Pembeni palikuwa pameshika, katikati pakatetemeka.

"Mbichi hiyo!"

"Itajimalizia yenyewe kwa joto lake."

Nikapitisha kisu ukingoni isije ikang'ang'ania chombo ikisinyaa, nikairudisha kwenye oveni, nikaacha mlango wazi kidogo. Ikapoa humo polepole, ikaenda kulala kwenye friji. Mimi sikulala vizuri.

Mchana wa jubilei nilifunua sahani. Ilikuwa bapa, laini, nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Nilitamani kupiga vigelegele na sikujizuia: nilivipiga, peke yangu, jikoni. Mama mpishi aliinama akaikagua hadi pua ikakaribia kugusa. Kijiko chake cha jemu kilikuwa tayari mkononi. Alikitazama, akairudisha jemu chupani, akafunga kifuniko.

"Ipeleke hivyohivyo," akasema.

Niliibeba hivyohivyo, bila jemu, kupita katikati ya ukumbi, kidevu juu. Sista mzee aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu yake, akatokwa na machozi akicheka.

"Nani aliyeoka?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Mama mpishi ilitoka nyuma yangu, kubwa kuliko kwaya: "Mwokaji wetu!"

Jemu tuliila kesho yake asubuhi, kwa mkate nilioutoa mimi kwenye oveni yangu.