Ujumbe Uliojibiwa Kabla ya Kusomwa

Pale kliniki ya mazoezi ya viungo, binti wa mapokezi walimwita Chapchap, na jina halikumwonea. Ukimwandikia kuuliza jambo, jibu lilikufikia kabla hujaiweka simu mezani. Wagonjwa walimsifu, mtaalamu mwenye kliniki alimsifu zaidi, na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, hakuwa akizichukia sifa hizo.

Siri yake haikuwa kubwa. Maswali ya watu ni yale yale: naomba nafasi, nimekwama njiani, nataka kubadilisha siku. Kuandika jibu lile lile kutwa nzima ni kujichosha bure, kwa hiyo aliyahifadhi majibu mafupi kwenye simu ya ofisi, kila moja na neno lake la kuliitia. Akiandika alama ya mkwaju (/) na neno "chelewa", jibu zima linajitokeza. Hapo anaongeza jina, anarekebisha saa, anatuma. La kuchelewa lilisema: "Usihangaike, mpendwa. Ukifika ndani ya dakika kumi na tano tutakupokea. Ukizidi hapo tutakutafutia nafasi nyingine. Njoo taratibu." La kubadilisha siku lilisema: "Hakuna shida kabisa, mpendwa, mambo huingiliana. Tuambie siku inayokufaa, nasi tutakupangia."

Aliyatunga nyumbani kwake Jumapili moja, na alijitahidi yawe na utu, maana mgonjwa hapendi kujibiwa kama mdaiwa. Akajiwekea na kanuni: soma ujumbe mpaka mwisho, ndipo uite jibu. Kanuni nzuri sana hiyo, na aliishika mpaka kazi ilipomzidi. Wahenga walikwisha kusema yao kuhusu haraka, sina haja ya kuwarudia.

Jumatatu hiyo ukumbi ulijaa tangu asubuhi. Mtu wa goti anauliza zamu yake, mtu wa mgongo hawezi kukaa, simu inaita, na nyingine inalia ujumbe baada ya ujumbe. Mmoja ulitoka kwa mzee aliyekuwa fundi viatu, ambaye kila wiki alimleta mkewe aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Mzee huyu aliandika kama watu wa zamani walivyoandika barua. Salamu kwanza, kisha hali ya hewa, kisha kuulizia familia ya binti, na shukrani kwa mtaalamu. Chapchap aliteremsha macho mpaka alipokutana na "leo hatutakuja", akaona yanamtosha. Mkwaju, "badili", tuma.

Baada ya muda mzee akajibu neno moja: "Alhamisi." Akamwandikia Alhamisi saa nne, akatuma na jibu la kuthibitisha, lile linalomkumbusha mgonjwa avae nguo za kulegea. Akaendelea na mtu wa goti.

Alhamisi mzee akaja, amevaa shati lililopigwa pasi, peke yake. Akaketi kwenye benchi mbele ya meza ya mapokezi, akaacha nafasi upande wake wa kulia.

"Shikamoo, baba," Chapchap alisema. "Mama yuko nje? Nimwite msaidizi na kiti cha magurudumu?"

"Marahaba, binti." Mzee aliinua macho. "Nilikuandikia."

"Ndiyo, nikabadilisha, mko saa nne."

"Nilikuandikia, mwanangu," mzee alirudia, na safari hii sauti ilishuka.

Chapchap akaichukua simu ya ofisi. Akaufungua ule ujumbe wa Jumatatu na kuusoma kwa mara ya kwanza, salamu, hali ya hewa, familia. "Leo hatutakuja," halafu chini yake, baada ya mstari mtupu: "Mwenzangu nilimwamsha kwa ajili ya kuja huko, hakuamka. Tunamzika kesho. Mwambie mtaalamu kwamba alijitahidi sana, alikuwa ameanza kufumba ngumi."

Na chini ya maneno hayo, jibu lake: "Hakuna shida kabisa, mpendwa."

Alitamani ukumbi mzima utoweke, benchi na watu wake. Mzee hakukosea kitu. Aliifikisha habari kama msiba unavyofikishwa, polepole, asije akamshtua mtu, na adabu yake ndiyo iliyomponza.

"Baba," alisema, "sikusoma. Wallahi sikusoma mpaka mwisho. Nisamehe."

"Najua hukusoma. Binti mwenye akili hawezi kusoma vile akajibu vile." Mzee alipangusa goti lake ambalo halikuwa na vumbi. "Nilitaja Alhamisi kwa sababu uliniuliza siku. Sikuwa na la kusema, na swali nilikuwa nalo mbele ya macho. Halafu nikaona bora nije, maana lipo jambo nataka kulijua."

"Lipi hilo?"

"Wewe unajua mimi na mwenzangu tulikuwa na simu moja. Meseji zako nilimsomea kwa sauti, maana macho yake yalikataa. Siku tukichelewa analia, anasema watu wa kliniki watatuchoka. Jibu lako likija namsomea. 'Usihangaike, mpendwa. Njoo taratibu.' Ananyamaza. Ananiambia, yule binti ananipenda, huoni anavyoniandikia?" Akasogea mbele kidogo. "Sasa kwenye matanga alikuja jirani yetu, mwenye goti, anatibiwa hapa hapa. Akanionyesha meseji zake. Ni zile zile. Hata 'mpendwa' ni ile ile. Nikawa sina raha. Niambie kweli, binti. Ulikuwa unamwandikia yeye?"

Uongo ulikuwa karibu na ulikuwa mtamu. Ndiyo, baba, meseji za mama nilikuwa naziandika mwenyewe. Nani angemlaumu? Lakini Chapchap alikwisha kumjibu mzee huyu ovyo mara moja, na mara ya pili ingekuwa dhambi.

"Hapana," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wagonjwa wote. "Majibu niliyaandika mara moja, kwa ajili ya watu wote. Yamehifadhiwa humu. Nikibonyeza, yanakwenda. Mama nilimpenda akiwa mbele yangu hapa, lakini meseji, hapana, hazikuwa zake."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda.

"Basi alikufa anaamini," alisema. "Afadhali."

Mtaalamu akachungulia mlangoni na kumwita mgonjwa wa saa nne. Hakuna aliyeinuka. Mtu wa mgongo, ambaye kwa kawaida hangoji hata dakika, alitazama sakafu.

"Una kazi nyingi," mzee alisema. "Ila ile ya Jumatatu hujanijibu. Nijibu, nitangoja."

Chapchap akaishika simu. Kidole kikaanza kwenda kwenye mkwaju chenyewe, kwa mazoea, akakirudisha. Akaanza kuandika herufi kwa herufi, akafuta, akaandika tena. Simu ya mezani iliita mpaka ikachoka. Alimwandikia mama yule kuhusu kilemba chake cha kijani, na siku alipowachekesha wote kwa kumwambia mtaalamu kwamba mkono wake mbovu una haya tu, hautaki kusalimia wanaume. Aliandika kwamba ngumi ile waliiona, na kwamba msaidizi alipiga makofi. Ulikuwa ujumbe mrefu, wenye makosa, na hakuusahihisha. Akatuma.

Simu ikalia katika mfuko wa shati la mzee. Akaitoa, akavaa miwani, akaisogeza mbali na uso. Kisha akageuka kidogo kuliani, upande wa ile nafasi tupu kwenye benchi, akaanza kusoma kwa sauti.