Safu Mbili za Ukurasa wa Tisa

Pale chuoni walimwita Mama Mistari, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Alianza kazi ya kupiga chapa enzi za taipureta, akahamia kompyuta bila kupeleka kilio kwa mtu, na miaka ishirini na sita baadaye karatasi yoyote iliyopinda ilipitia mezani kwake kwanza. Meza ya pili ilikuwa ya karani wa masijala, mwanamke aliyekuja hajui hata kushika mausi. Mama Mistari alimfundisha mwenyewe, akamwita mdogo wake, wakala mkate mmoja saa nne kila siku kwa miaka minane.

Asubuhi hiyo mkuu wa chuo alimtumia PDF ya kurasa tisa. Ilikuwa ripoti ya kuunganisha ofisi. Faili la awali lilikuwa limepotea, ikabaki nakala ya karatasi iliyoskaniwa, na bodi ilitaka Word ili waandike maoni yao humohumo kabla ya saa tisa. Kwamba ripoti hiyo ilimhusu mpiga chapa mwenyewe, mkuu hakuwaza. Alishazoea kumwona kama sehemu ya mashine. Lakini Mama Mistari alijua: meza mbili zitakuwa moja, na mmoja wao atakwenda nyumbani.

"Dada, leo unaonekana umechoka," karani alisema. "Nipe hata kurasa za mwisho nikusaidie."

"Kunywa chai yako. Nitaziweza."

Alijaribu kuteua neno moja kwa mausi, halikuteuka. Ukurasa mzima ulikuwa picha tu. Akaifungua kwenye programu ya kutambua maandishi, akanyoosha kurasa zilizolala upande, akachagua lugha ya Kiswahili, akaiachia isome. Kurasa nane zilitoka na makosa ya kawaida: sifuri mahali pa herufi O, kila mstari umekatwa kama aya mpya, namba za kurasa zimejipenyeza katikati ya sentensi. Akayasafisha huku akiimba chinichini.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na safu mbili, na kipengele cha mwisho kilikuwa kifupi, mistari miwili kila safu. Kwenye Word kilitoka hivi:

"Karani anasema mpiga chapa ndiye anayenyoosha kazi zote
amechoka, na kwamba yeye karani za chuo. Anastahili kubaki."

Mstari wa pili haukueleweka, lakini wa kwanza ulimtosha. Mdogo wake amemtetea. Tena amejitoa mwenyewe, amekubali kwamba amechoka. Machozi yalimlengalenga, akamtazama yule mwenzake akikoroga chai, akamwonea huruma kweli.

Lakini Mama Mistari hawezi kuacha mstari umepinda, hata unaomsifu. Alijua kilichotokea: programu ilikuwa imevuka kutoka safu ya kushoto kwenda ya kulia, kana kwamba ukurasa ni safu moja. Akarudi kwenye picha, akafuta boksi lililojichora lenyewe, akachora mawili. La kushoto namba moja, la kulia namba mbili. Akasomesha upya.

"Karani anasema mpiga chapa amechoka, na kwamba yeye karani ndiye anayenyoosha kazi zote za chuo. Anastahili kubaki."

Alilinganisha na picha mara tatu. Hapakuwa na kosa. Moyo ulimuuma mpaka akashika ukingo wa meza, maana kama adui angesema hayo, asingejali. Aliwaza kurudisha ule mvurugo wa mwanzo na kuutuma hivyohivyo. Bodi ingeusoma kama alivyousoma yeye.

Badala yake aliifuta ile kazi ya ukurasa wa tisa, ikabaki picha.

"Mdogo wangu, ulitaka kunisaidia. Njoo ukae hapa."

Karani alikaa. Alipoiona picha alijikohoza, akabonyeza kutambua bila kuchora chochote. Mvurugo ukatoka uleule. Akausoma, akabadilika rangi. Akarudia, ukatoka tena. Mara ya tatu aliigusa mistari kwa mausi huku na huku, isikae.

"Mbona inakataa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Dada, hii haisemi hivi."

"Inasemaje?"

Karani aliinua mkono kubonyeza tena.

Mama Mistari aliinama juu ya bega lake, kama alivyofanya miaka minane. "Chora maboksi mawili. La kushoto kwanza. Hilo nilikufundisha wiki ya kwanza."

Karani akachora. Maneno yakatoka yamenyooka, moja baada ya jingine, na wote wawili wakayasoma.

"Haya, mtumie mkuu," Mama Mistari alisema, akachukua kikombe chake mezani. "Usisahau kumwambia nani kanyoosha."