Mama wa Shuleni, Shangazi wa Mahakamani

Sijui ni nani aliyeamua kwamba mwanamke aliyemlea mtoto tangu kitovu hakijakauka lazima athibitishe kwa muhuri kwamba anamlea. Siku nikimpata huyo mtu atanisikia. Mwaka ule wa sabini na nne nilizunguka na jirani yangu Nusura ofisi hadi ofisi mpaka viatu vikaisha soli, na hasira niliyoipata bado ninayo.

Nusura alikuwa Mnubi wa Kisugu, msusi wa kawa. Kawa zake za rangi zilifunika vyakula vya harusi nusu ya Kampala. Hakubahatika kupata mtoto wa tumboni mwake. Ndugu yake Sulaimani, karani wa stoo, alioa binti wa Kiacholi aitwaye Ajok, na Ajok akafa akimzaa Fatumah. Nusura akakichukua kile kichanga jioni ileile. Katika ukoo wao mtoto haitwi yatima maadamu kuna shangazi. Anayempokea ndiye mama, na mtu mwingine haruhusiwi kutamka vinginevyo mbele ya mtoto. Fatumah akakua akimwita Nusura mama, kwa moyo wake wote, na sisi majirani tukafunga midomo.

Sulaimani naye alichukuliwa mwaka uliotangulia. Gari lilisimama mlangoni, akaambiwa aje aulizwe maswali mawili matatu, basi. Fatumah aliambiwa baba amesafiri kikazi. Na bado, kwa kuwa wakubwa wengi wa jeshi walikuwa Wanubi, watu walikuwa wakimwambia Nusura, "Aa, wewe Mnubi, serikali si yenu hii?" Nilitamani kuwazaba makofi.

Kabla ya hapo, karatasi hazikumsumbua mtu. Siku ya kuandikishwa shule, Mwalimu Mkuu Nanyama aliuliza jina la mtoto, akamwona Nusura amemshika mkono, akaandika "mama". Kliniki nao wakaandika "mama" kwenye kadi ya chanjo. Nusura hakudanganya. Aliulizwa kama huyu ni wake, akasema ni wake. Ungesema nini wewe?

Kisha Fatumah, akiwa na miaka minane, akaanza kuchoka. Akipanda kile kilima chetu anachuchumaa njiani, midomo imebadilika rangi. Daktari akasema kuna mshipa karibu na moyo ambao ulipaswa kujifunga alipozaliwa, haukujifunga. Upasuaji upo, wala si wa kutisha sana, lakini daktari aliyekuwa akiufanya hapa ameondoka nchini na hatarudi. Akaandika barua ya kumpeleka Nairobi, na hospitali ya huko ikatupatia tarehe. "Msiikose," alisema. "Moyo unafanya kazi mara mbili. Hautavumilia miaka."

Hapo ndipo wenye kalamu wakaanza.

Nairobi waliandika kwamba fomu ya kukubali upasuaji husainiwa na mzazi au mlezi halali. Ofisi ya uhamiaji ikasema mtoto hatoki nchini bila idhini ya baba. Baba yuko wapi? Haonekani. Leta basi cheti cha kifo. Hatujui kama amekufa! Basi leta idhini yake. Nilimwuliza yule karani kama anajisikia anavyosema. Nusura akanikanyaga mguu.

Tukaenda kwa kadhi. Mzee wa watu alitupokea vizuri, akaandika barua kwamba anaujua ukoo, mama mzazi ni marehemu na mtoto yuko mikononi mwa shangazi yake. "Lakini mwanangu," akamwambia Nusura, "hii ni barua ya ushahidi. Msikitini itakutosha. Mpakani wataitaka amri ya mahakama."

Wakili Tajudin, kijana wa palepale Kisugu, akatueleza kwamba ombi la ulezi linapelekwa Mahakama Kuu pamoja na kiapo. Nusura akamwuliza, je, ile sheria mpya ya watu waliopotea haisaidii? Tajudin akakuna kichwa. "Ile ni ya mali, dada. Nyumba ya ndugu yako unaweza kupewa uisimamie. Mtoto hayumo."

Yaani mabati yana mtu wa kuyaangalia kisheria, mtoto hana. Niliinuka nikatoka nje nikaegemea ukuta, maana ningetukana.

Kiapo Nusura alikiapa bila kupunguza kitu. Mimi si mama mzazi, mimi ni shangazi. Baada ya kutia kidole gumba aliniambia, "Mama Abudu, najiona kama nimemkana." Nikamwambia acha upuuzi, ni karatasi tu. Nilijibu haraka mno.

Jaji alisoma kila kitu, akakubali kwamba mtoto ni mgonjwa kweli. Lakini baba ana haki ya kuambiwa kabla ya ulezi kukabidhiwa kwa mtu mwingine. Kwa kuwa haonekani kupewa hati mkononi, aambiwe kwa tangazo. Libandikwe kwenye ubao wa mahakama, na lichapishwe gazetini.

Gazetini! Ulitaka kutangaza jina la mtu aliyechukuliwa na gari lile, mwaka ule, katika mji huu, na chini yake uweke jina lako na mtaa wako? Watu walikuwa hawathubutu hata kuulizia ndugu zao kwa sauti sokoni. Jamaa wa ukoo wakamjia Nusura wakamsihi aache, apande tu Mbuya kwenye kambi ya jeshi, kuna Mnubi mwenzao mkubwa huko, atampigia mtu simu mpakani.

"Nimwambie nini?" Nusura akawauliza. "Nimwambie ndugu yangu hayupo, naye anajua zaidi yangu yuko wapi? Akininyima simu, na mtoto nitakuwa nimemwonyesha. Mimi nataka karatasi ambayo haitegemei mtu kuamka vizuri."

Tangazo likatoka. Sulaimani, popote alipo, afike mahakamani kabla ya siku iliyotajwa ikiwa anapinga. Wiki ileile akaja mwanamume mwenye miwani ya jua, akakaa kwenye mkeka wa Nusura bila kuvua viatu. Mimi nilikuwapo, nikichambua mchele ambao haukuwa na mchanga.

"Nani nakwambia huyu mtu napotea?" akauliza.

"Hakuna aliyeniambia," akajibu Nusura. "Mahakama inataka kumwuliza kama mtoto wake atibiwe. Ukimwona, mwambie aje."

 Yule bwana akaangalia kawa ukutani, akachukua moja kubwa, akaondoka nayo. Nusura akautoa mkeka, akaukung'uta uani. 

Siku iliyotajwa Sulaimani hakufika, na amri ikatoka. Nusura akakabidhiwa ulezi wa Fatumah, akaruhusiwa kumtoa nchini kwa matibabu kisha amrudishe, na nakala ikapigwa muhuri wa mahakama. Uhamiaji hawakuwa na la kusema tena, wakatoa hati ya kusafiria ya mtoto. Walitaka tu barua ya shule kuonyesha kwamba ni mwanafunzi na atarudi. Mwalimu Nanyama akaiandika kwa roho safi, kama alivyozoea: Fatumah anasafiri na mama yake.

Mimi niliisoma ile barua kwa sauti, Nusura akisikiliza. Karani wa uhamiaji aliisoma. Sote tulikuwa tumezoea mno hilo neno, hakuna aliyelitilia shaka.

Nilifuatana nao hadi Busia, nibebe mizigo. Afisa wa mpakani alikuwa mtu mpole, Mganda wa makamo, na pembeni yake alisimama askari mwenye bunduki. Fatumah alikuwa amekaa juu ya sanduku letu, anahema. Afisa akapanga karatasi zote mezani, akazisoma, akarudia.

"Nyabo, bibi," akasema, "hii balua ya shule nasema wewe ni mama. Hii ya koti nasema wewe ni shangazi. Mimi nashika gani?"

"Ya mahakama, mzee. Shule waliandika kwa mazoea tu."

Askari akasogea. "Hapa watu nauza watoto," akasema. Akainama kwa Fatumah. "Wewe, mtoto. Huyu mwanamke ni nani yako?"

"Ni mama yangu," akajibu Fatumah, bila kusita hata kidogo.

Askari akainuka na kumtazama afisa, ishara tosha. Hapo nilianza kupiga kelele, kwamba cheti cha kuzaliwa kimo humo, cha kifo cha mama kimo, muhuri wa Mahakama Kuu umo, wanataka nini zaidi, ngozi yetu? Afisa akaniomba nitulie. Akamwambia Nusura kwa huruma kabisa kwamba anaweza kurudi Kampala, shule iandike barua nyingine, hakuna ubaya.

Lakini tarehe ya Nairobi ilikuwa keshokutwa. Nusura alimtazama Fatumah, kisha akaitazama njia tuliyotoka. Nilijua anawaza nini: kurudi, kumlinda mtoto na maneno hayo kwa mara nyingine, na kuomba tarehe nyingine ambayo haijulikani. Akavuta pumzi.

"Afande, mtoto haongopi," akasema. "Hajaambiwa. Mzee, isome amri yote kwa sauti, naye asikie. Ukimaliza, mwulize tena."

Afisa akasita. Akamtazama mtoto, akavua kofia, akaanza kuitafsiri ile amri ya Kiingereza polepole. "Koti nasema, mama aliyezaa huyu mtoto, jina yake Ajok, alikufa siku ya kuzaa. Baba, jina yake Sulaimani, hakuna mtu najua iko wapi. Huyu mama hapa ni dada ya baba. Ndiye nalea mtoto toka siku ya kwanza. Koti nampa mtoto alee, na ampeleke kwa daktari."

 Fatumah alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika mpini wa sanduku. Askari akamwuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, huyu ni nani yako.

"Ni shangazi yangu," akasema.

Muhuri ukagongwa. Nilitaka kushangilia, nikajikuta nalia kwa hasira.

Nairobi muuguzi wa mapokezi alichukua kalamu akauliza uhusiano. Kabla Nusura hajafungua kinywa, Fatumah akajibu mwenyewe, wima, kama anayekariri somo: "Ni shangazi yangu. Mama yangu alikufa. Baba hakuna anayejua yuko wapi." Muuguzi akapiga nakala ya amri, akaandika "mlezi", na Nusura akatia kidole gumba. Hawakuuliza swali lingine.

Upasuaji ukaenda vizuri. Fatumah akarudi Kisugu akipanda kilima mbio, akitukera sote kwa kelele. Habari za baba yake hakuziuliza tena. Na Nusura alibaki kuwa mama yake jikoni, uani, na kila alipoumwa au kuogopa. Ila tangu siku ile ya Busia, hadi alipokuwa mkubwa na kuolewa, Fatumah hakumwita mama hata mara moja mbele ya mtu aliyeshika kalamu.