Shemeji Aliyefutwa Kwenye Picha

Miaka ile biashara zilipoanza kufunguliwa ovyo kila kona ya Mwanza, dada yangu mkubwa alikuwa na chumba cha kushonea nguo Igogo, chini kidogo ya mlima. Mimi niliishi kwake nikijifunza ufundi. Alikuwa na cherehani tatu za kukanyaga na moja ya umeme, ya kudarizi, ambayo aliifunika kwa kitambaa cheupe kila jioni kama mtoto anayelazwa. Kwa sababu ya hiyo ya umeme alikubali kukata bima. Shemeji alimcheka. Alisema tangu soko huria lije watu wanauziwa hata hofu.

Mwishoni mwa mwaka, mvua za vuli zilinyesha usiku kucha. Mfereji ulioshuka kutoka mlimani uliziba, maji yakaingia dukani. Tulipofika alfajiri tulimkuta shemeji ametutangulia. Alitoka kitandani alivyokuwa, na bukta tu, na sasa alikuwa amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, ameshikilia ile cherehani ya umeme kwa mikono miwili kana kwamba ingeondoka na mkondo.

Dada hakupiga kelele. Alinituma nikamwite mpiga picha wa mtaa wa pili, mwenye studio ya picha nyeusi na nyeupe. Wakala wa bima alikuwa amemwambia kwamba likitokea lolote, apige picha kabla ya kugusa kitu. Mpiga picha akaja amekunja suruali, akapiga kutoka mlangoni, akapiga karibu, akapiga kila kona. Kisha tukayatoa maji, tukasugua kuta, tukapangusa cherehani na kuzitia mafuta. Dada ni mtu wa usafi. Siku chache baadaye ungeingia mle ungedhani hapajawahi kumwagika hata kikombe cha chai.

Picha zilipotoka, zilikuwa nzuri mno. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa kwenye picha iliyo bora kuliko zote, ile iliyoonyesha cherehani ya umeme. Shemeji alikuwa ameipa kamera mgongo, na bukta yake ilikuwa imechanika nyuma, kuanzia kiunoni hadi panapositiriwa.

"Hii haiendi ofisini kwa watu," dada akasema.

"Si inaonyesha maji?" shemeji akauliza.

"Inaonyesha mume wa fundi cherehani ana bukta iliyochanika! Nani ataniletea tena nguo?"

"Nilikwambia uishone tangu Pasaka."

"Ungeniletea kama mteja, ukasubiri zamu yako."

Kwa hiyo picha ikarudishwa studio. Mpiga picha alikuwa maarufu kwa kazi hizo. Aliwaondolea maharusi chunusi, akawafumbulia macho wazee waliosinzia. Alichukua picha ile, akampaka shemeji rangi kwa brashi nyembamba hadi akatoweka, na pale alipokuwa amesimama akachora maji, na upande wa cherehani uliokuwa umefichwa na miguu yake, brashi ikapita hata juu ya mota iliyokuwa kando. Halafu akaipiga picha ile picha, akasafisha nakala mpya isiyo na alama ya brashi. Dada alifurahi. Mimi mwenyewe nilisema shemeji hajawahi kutoka vizuri kama alivyotoka safari hii, hayupo kabisa.

Baada ya muda akaja mkadiriaji wa hasara kutoka kampuni ya bima. Alikuwa mzee mpole, mwenye miwani na mkoba wa ngozi uliochakaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa soda. Alitazama kuta zilizosuguliwa, akatikisa kichwa.

"Mama, umesafisha hadi hasara yenyewe."

"Picha ninazo," dada akasema kwa kujiamini.

Akazipanga mezani, akatoa kioo cha kukuzia. Alipofika kwenye ile ya cherehani ya umeme akainama zaidi. Akaigeuza juu chini. Akaigeuza tena.

"Mama, humu ndani kuna mtu amesimama kichwa chini."

Tukasogea. Kweli, ndani ya maji, chini ya pale palipochorwa, kulikuwa na taswira ya shemeji, miguu juu, bukta katikati. Mpiga picha alimfuta mtu, akasahau kivuli chake majini. Mimi niliuma midomo. Dada aligeuka rangi.

"Ni mume wangu," akasema. "Nilimwondoa kwa sababu ya heshima tu. Sijaongeza kitu."

"Nakuamini," mzee akasema, na hapo ndipo nilipoogopa, maana alilisema neno hilo kwa huruma. "Lakini angalia hapa. Mota ya cherehani hii inaning'inia chini ya meza. Maji yakiifika, imeharibika, nalipa. Yakiwa chini yake, labda ni kutu kidogo tu. Sasa huu mstari wa maji kwenye mota ni wa mvua au ni wa brashi?"

Dada akaiinamia picha. Ulikuwa wa brashi.

"Unaona? Umefuta bukta, lakini umefuta na ushahidi. Na nikishajua moja imeguswa, hizi nyingine nazo nitaziaminije? Ofisini wakiona hivi hawatauliza habari ya heshima. Watasema umeghushi, na mkataba unawaruhusu kukataa dai lote."

Alitupa nafasi moja. Alitaka mkanda wenyewe wa filamu, wote, usiokatwakatwa, kwa kuwa namba zilizo pembeni zingemwonyesha picha gani ilifuata gani, na kama kuna iliyorukwa. Nilikimbia studio nikiomba Mungu. Mpiga picha alikuwa akikwangua filamu kwa wembe, za mteja mwingine, nikadhani ndizo zetu, nikapiga yowe. Za kwetu zilikuwa salama ndani ya bahasha. Ile rangi aliipaka juu ya karatasi tu. Angeigusa filamu yenyewe, hadithi ingeishia pale.

Mzee aliuinua mkanda dirishani, akahesabu namba kwa kidole, kisha akaagiza picha zote zisafishwe upya mbele yake, bila kupunguza pembeni wala kuongeza mwanga mahali. Shemeji akarudi duniani, mkubwa, mweusi, na mpasuko wake. Maji yalikuwa magotini pake, na mota iliyokuwa ubavuni mwa goti ilikuwa imezama nusu. Mzee akamwita shemeji, akamsimamisha kando ya meza, akapima kutoka sakafuni hadi gotini kwa futi ya dada.

"Wewe ndiye rula yangu," akamwambia. "Wamekufuta bure."

Alimwomba dada aeleze yote kwa mkono wake: nani alifuta, nini, na kwa nini. Dada aliandika kila kitu isipokuwa neno bukta. Aliandika "vazi la ndani la nyumbani". Mzee akasoma, akakohoa muda mrefu, akasaini.

Ofisi haikufanya haraka. Picha ile iliyochorwa iliwatia shaka, wakaita mkaguzi mwingine, naye akataka kuongea na mpiga picha. Malipo ya mota na vitambaa yalikuja shule zimeshafunguliwa na sare za watoto zimeshashonwa na mafundi wengine. Bila vitambaa wala fedha ya kununua vingine, msimu mzima ukatupita. Dada alilia kidogo, siku moja tu, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni huku watoto wakipita na sare za watu.

Shemeji akaja akakaa karibu naye. Hakumtania, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Alisubiri hadi alipojifuta macho, ndipo akamwambia kwamba kule ofisini, alipomsindikiza dada kuchukua hundi, akabaki mlangoni, karani mmoja alimwamkia kwa jina la Goti.

Dada akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake wakaanza kujenga kizingiti cha mlango, kirefu kwenda juu, cha saruji, na mimi nikachota maji ya kukorogea.