Ukingo Uliokunjwa

Mwalimu Attobrah alifundisha fizikia miaka thelathini na moja katika sekondari yetu ya pwani, hapa Ghana, nami nilikuwa mtunza maabara wake. Mkaidi yule, haambiliki! Kila mwaka alichora mlima uleule ubaoni: kushoto unapanda ghafla kutoka hidrojeni, kileleni chuma, kulia unashuka polepole hadi urani.

"Chembe za kiini zikishikana, uzito wake unapungua," alisema. "Uliopungua umetoka kama nishati. Kadiri kila chembe ilivyofungwa kwa nguvu, ndivyo kiini kilivyo juu mlimani. Haya, Esinam, mbona vidogo vikiungana nishati inatoka, na vikubwa vikipasuka inatoka vilevile?"

"Vyote vinapanda kuelekea chuma, Mwalimu. Kila vikipanda, uzito unapungua."

"Umeniibia jibu, binti!"

Alimpenda, jamani. Mwaka ule shule ilikuwa na nafasi moja tu ya ufadhili wa chuo kikuu, na sote tulijua ni ya Esinam.

Mtihani wa mwisho ukauliza nishati inayofunga kiini cha heliamu. Esinam akapata 28.3. Jibu la Mwalimu lilikuwa 27.3. Akamkata alama.

"Mwalimu, samahani," Esinam alimfuata maabara. "Heliamu ya lile jedwali la uzito imepimwa pamoja na elektroni zake mbili. Protoni umezihesabu bila elektroni. Hapo hesabu haiwi sawa."

"Jedwali liko ukutani, lisome! Limesema wapi hayo? Leo yai limfunze kuku?"

Esinam alikosa nafasi kwa alama mbili, zilezile alizokatwa. Akarudi kwao Keta kukausha samaki na mama yake.

Miaka kumi na moja baadaye Mwalimu alistaafu. Tulipolitoa jedwali kwenye fremu, ukingo wa chini ukakunjuka, ukiwa na mstari mmoja: *Uzito wote ni wa atomu nzima, elektroni zikiwemo.* Niliukunja mimi, ili karatasi itoshe kwenye fremu. Mwalimu akausoma, akakaa kitako sakafuni.

"Ningepaswa kulijua hili hata bila karatasi," alisema. "Nipeleke Keta."

Tulimkuta Esinam mbele ya jiko la udongo, macho mekundu kwa moshi. Mwalimu akampa jedwali kwa mikono miwili.

"Binti yangu, ulikuwa sahihi. Niliyekosea ni mimi. Nisamehe."

Esinam alisoma mstari ule mara mbili.

"Nilirudia hesabu ile mwaka mzima, Mwalimu. Kila mara napata 28.3. Nikasema, basi, kumbe mimi ni mjinga. Vitabu vyangu niliwashia jiko hili."

Mwalimu alilia waziwazi, mzee wa watu. Nilitaka kusema ukingo niliukunja mimi, nikaishia kusogeza kuni jikoni. Esinam akamrudishia karatasi, akainama kugeuza samaki wasiungue.